Maswali na majibu: eleza, jadili, tathmini, chambua kwa kina

Wengi mmeuliza kuhusu insha za historia, basi nachukua Vita vya Maji Maji kwenye majibu yote ili tofauti ionekane.

"Swali lilisema eleza sababu, nikaandika sababu sita, mbona maksi nusu?"

Ulitaja tu. "Kilimo cha pamba cha lazima" ni kutaja. Kueleza ni useme Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, maakida wakisimamia, malipo kiduchu, na muda wa kulima chakula chao ukaliwa, ndo maana Julai 1905 kule Matumbi watu walianza kwa kung'oa pamba. Hapo kuna jambo, lilivyokuwa na lilichozaa. Maoni yako hayahitajiki.

"'Dini ndiyo iliyoleta vita. Jadili.' Nikubali au nikatae?"

Usikimbilie. Kwanza ipe hiyo kauli haki yake, dawa ya maji ya Kinjikitile kule Ngarambe iliwapa watu ujasiri na ikavuka mipaka ya makabila. Afu lete upande wa pili, kodi, pamba, viboko vya maakida, vyote vilikuwepo kabla ya dawa. Ukimaliza sema wewe umesimama wapi, mfano dini iliunganisha hasira ambayo tayari ipo. Anayeandika upande mmoja tu maksi za mjadala anazikosa hata kama facti zake ni sahihi.

"Kwenye tathmini mafanikio ya vita nilisimulia mwanzo mpaka mwisho, nikapata 7 kwa 20"

Hapa ndo wengi wanaanguka, maana tathmini inataka hukumu na hukumu inataka kipimo. Sentensi za mwanzo kabisa weka kipimo chako: mafanikio kwa maana ya kumfukuza Mjerumani, au kwa maana ya kumbadilisha anavyotawala? Kwa kipimo cha kwanza vita vilishindwa, vijiji na mashamba vilichomwa, njaa ikaua watu wengi mno. Kwa cha pili kuna kitu kilipatikana, gavana mpya Rechenberg alijaribu kulegeza ukali na kuwaacha wakulima walime mazao yao. Sasa pima, hicho kidogo kinalingana na vifo vyote vile? Jibu wazi, na kila aya irudi kwenye kipimo. Ukisoma aya yako ukakuta haina neno lolote la kupima, yaani "kwa kiasi kikubwa", "kwa muda mfupi tu", ujue umerudi kusimulia.

"Chambua kwa kina si ndo tathmini hiyohiyo?"

Zinakaribiana ila hapa unahoji hoja yenyewe imekaa juu ya nini. Wakisema dawa iliwaunganisha watu wa kusini, uliza nani hakuungana: Wahehe wengi hawakuingia. Uliza pia tumejuaje, maana kumbukumbu nyingi za wakati ule waliandika Wajerumani, na masimulizi ya wazee yalikusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1968, miaka sitini na kitu baadaye, nchi ikiwa huru na inatafuta historia ya umoja. Ukionyesha hilo linavyoathiri hoja, hapo umechambua.