Mwenye nyumba anataka nihamie ghorofa ya tatu: nimjibuje?

Swali: Shikamoo wakili. Nimepanga ghorofa ya chini, Sinza, kwa 350,000 kwa mwezi. Nimelipa miezi sita, Julai hadi Desemba, na amana ya mwezi mmoja. Mama mwenye nyumba anataka kugeuza sehemu yangu kuwa duka, ameniambia nihamie ghorofa ya tatu kuanzia tarehe 1 Oktoba, kodi 400,000. Sina shida na kuhama, ila naogopa kupoteza hela yangu. Nimjibuje?

Jibu: Marahaba. Kwanza usome mkataba wako uone kama kuna kipengele kinachomruhusu kukuhamisha au kuvunja mkataba kwa notisi. Kama hakipo, mkataba ulionao unaendelea hadi tarehe 31 Desemba. Anachokuletea ni ombi, na wewe ndiye mwenye nafasi ya kuweka masharti, maana duka lake linasubiri uhame.

Ndiyo maana nakusihi usimwambie "sawa mama" kwenye simu. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 7, kukubali kunatakiwa kuwe kamili, bila masharti. Ukisema sawa leo halafu kesho ukakumbuka amana, atakwambia mlishakubaliana kwa 400,000. Ukijibu kwa masharti, jibu lako linakuwa pendekezo jipya, na hakuna anayebanwa mpaka yeye akubali. Andika kwa WhatsApp ukipenda. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi. Usiufute tu.

Sasa hela. Tarehe 1 Oktoba utakuwa na miezi mitatu uliyokwisha kuilipia, yaani 1,050,000. Kwa kodi ya 400,000, miezi hiyo mitatu ni 1,200,000, kwa hiyo Desemba utadaiwa 150,000. Ubaya ni kwamba wengi hawadaiwi hiyo tofauti peke yake. Wanaletewa mkataba mpya wa miezi sita, wanaambiwa walipe yote, na kodi ya zamani "tutaiangalia baadaye". Kwa hiyo taja kiasi kilichobaki kwa tarakimu, na useme kinahamia wapi. Mimi ningeomba kodi ibaki 350,000 mpaka Desemba, kwa sababu anayehitaji mabadiliko ni yeye. Akikataa, bado unajua mwisho wako ni 150,000.

Amana nayo ihamishwe kwa maandishi. Kabla hujatoa hata kitanda, mkague naye sehemu ya zamani, mpige picha kuta, sinki na vitasa, kisha aandike kuwa hana dai. Akishaanza kubomoa kwa ajili ya duka, hakuna atakayejua ufa uliletwa na nani.

Kitu kimoja ambacho watu hukisahau ni LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na mita ambayo haijanunuliwa umeme kwa miezi kadhaa inalimbikiza deni. Kama ghorofa ya tatu imekaa tupu, anayenunua umeme wa kwanza ndiye anayekatwa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Mwombe anunue umeme wa kwanza yeye mwenyewe kwenye mita hiyo, kisha muangalie risiti pamoja: makato yataonekana pale. Uniti zilizobaki kwenye mita yako ya sasa hutazibeba, hivyo punguza kununua mwishoni mwa Septemba. Na ukienda kukagua, nenda asubuhi watu wakiwa wanaoga, ufungue bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Ghorofa ya tatu maji yakiwa ya kudondoka, yataje kwenye jibu lako.

Jibu lenyewe linaweza kuwa hivi:

> Shikamoo mama. Nimepokea ombi lako la mimi kuhamia ghorofa ya tatu tarehe 1 Oktoba. Niko tayari kuhama kwa masharti haya: kodi yangu iliyobaki, 1,050,000, ihesabiwe kuwa ya Oktoba hadi Desemba huko juu bila nyongeza, amana yangu ya 350,000 ihamie huko, deni lolote la LUKU la mita ya juu ulilipe wewe, gharama za kubeba vyombo uzibebe wewe. Tukikubaliana tuandike na kusaini kabla sijahama. Mpaka hapo mkataba wetu wa sasa unaendelea.

Sentensi ya mwisho usiitoe hata akikwambia inaonyesha humwamini. Ndiyo inayokulinda akikubali nusu ya masharti na kunyamazia mengine. Akija na nyongeza yake, kwa mfano 375,000, andika upya kiasi na tarehe, msaini nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Ufunguo wa chini mkabidhi ukishapata wa juu na karatasi imesainiwa.