Betri ya sola iliyokaa nusu chaji

"Betri yangu ya maji, Ah 100, hapa Makete inajaa haraka ila taa zinazima baada ya saa moja. Inafufuka?"

Ndugu, kipindi cha ukungu haikujaa kwa wiki nyingi. Salfeti ya risasi iliyobaki kwenye sahani za ndani ya betri ikageuka fuwele ngumu zisizopokea chaji. Volti inapanda upesi, ndani hamna kitu.

Ipumzishe, kisha pima kila chumba kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa asidi ukilinganisha na maji. Vyote vikisoma karibu 1.18, jaribu: funika sahani kwa maji ya betri, kamwe si asidi, uchaji kwa ampea 5 penye hewa, hata siku mbili, mpaka vipimo viache kupanda. Betri ikichemka sana, simamisha. Ikifika 1.25, umeokoa sehemu, si zote. Chumba kimoja kikibaki chini, hapo nunua nyingine.