Ukipokea hela ya mteja, andika na iliyobaki

Mimi ni fundi seremala, natengeneza vitanda na makabati ya oda. Kwa miaka mingi mteja akinitumia hela nilikuwa namjibu "Nimeiona, asante" na maisha yanaendelea. Jibu hilo liliniponza kwenye kitanda kimoja cha mninga, sita kwa sita.

Tulikubaliana na mama mwenye kitanda 900,000/=. Akaniachia advansi ya 400,000/= mkononi. Wiki iliyofuata ikaingia 50,000/= kwenye simu, jina la mwanaume. Nilikuwa na mteja mwingine mwenye jina hilohilo la kwanza, nikamwandikia yeye bila kuuliza. Baadaye mama akatuma 250,000/=, nikamjibu asante yangu ya kila siku. Siku ya kuchukua mzigo, gari limeshafika, mimi nadai 250,000/=, yeye anasema imebaki 200,000/=. Ile hamsini aliituma kaka yake. Tulisimama juani karibu saa nzima tukipekua meseji, na mama alikuwa sahihi.

Tangu hapo kila hela inayoingia naijibu siku hiyohiyo, na meseji yangu ina hesabu yote. Kama ningeiandika wakati ule, ingekuwa hivi:

"Habari mama. Nimepokea 250,000/= leo Jumamosi 15/3 kwa M-Pesa, kutoka namba yako mwenyewe. Kazi: kitanda 6 kwa 6 cha mninga, bei 900,000/=. Ulizolipa: 400,000 taslimu na 250,000 ya leo, jumla 650,000/=. Imebaki 250,000/=, utamalizia siku ya kuchukua. Risiti namba 147. Kama hesabu yako ni tofauti, niambie leo."

Utaona meseji hiyo ina kosa langu ndani yake, ile hamsini haimo. Ndiyo faida yake. Mama angeiona jioni ileile akanipigia, "Fundi, na ile ya kaka yangu?" Tungemaliza kwa dakika mbili, gari halijaitwa. Ukiandika iliyobaki peke yake, mteja hana pa kukukosolea. Ukimwonyesha awamu moja moja, anaona ipi imeruka. Na hela ikiingia kwa jina nisilolijua, siku hizi siipangi kwa mtu yeyote mpaka nipige ile namba niulize ni ya kazi ipi.

Neno "salio" nimeliacha kwenye meseji hizi. Kuna mteja niliyemwandikia "salio 80,000/=" akadhani nasema ana elfu themanini zake kwangu! Naandika "imebaki" au "unadaiwa". Ikiisha naandika "umemaliza, hudaiwi", maana nafasi iliyoachwa wazi mtu anaweza kuijaza baadaye.

Kabla ya kuandika "nimepokea", hakikisha umepokea kweli. Picha ya muamala anayokutumia mteja haitoshi, na meseji ya kusema hela imeingia, ikitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, ni ya matapeli. Mimi naingia kwenye menyu ya simu yangu, naangalia kiasi kilichomo. Mtandao ukiwa unasumbua namwambia mteja wazi: "Bado haijaingia, ikifika nitakuandikia." Wenye nia njema hawakasiriki.

Halafu kuna ya kutolea. Mteja ametuma 200,000/= kamili, wewe ukienda kwa wakala makato yanatoka humo. Usimwandikie kiasi ulichobaki nacho mkononi. Yeye ametuma laki mbili, risiti ni ya laki mbili. Kama unataka aongeze ya kutolea, mwambie siku ya kupatana bei. Ukimletea mwishoni, deni alilodhani limeisha linafufuka, na hapo mnagombana kwa elfu chache.

Bei ikibadilika katikati, kwa mfano mteja ameongeza droo mbili kwa jumla ya 60,000/=, andika kwanza bei mpya ya 960,000/= naye akubali, ndipo utoe alizolipa. Ukiongeza kimyakimya kwenye iliyobaki, ataona umemzidishia.

Meseji haiondoi risiti ya karatasi. Kitabu changu ni kile chenye kaboni, juu anachukua mteja, nakala inabaki. Nikikosea sifuti wala sichani. Napiga mstari, naandika "IMEFUTWA", nakala zote mbili zinabaki kitabuni na namba yake. Namba ikikosekana, mtu ana haki ya kuuliza hela yake ilienda wapi. Na kama biashara yako inatakiwa kuwa na mashine ya EFD, kitabu hiki hakikuondolei wajibu huo.

Yule mama amerudi mwaka huu kwa kabati. Advansi yake ilipoingia, kabla sijaandika chochote, meseji yake ikatangulia: "Fundi, na mimi nimeandika kwangu."