Matembezi ya majengo katikati ya Dar: uanzie wapi, usimame wapi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, nimeanza kuwatembeza watu katikati ya Dar es Salaam kuona majengo. Nilipanga kuonyesha zama zote kwa saa tatu: za Sultani, Wajerumani, Wahindi, Waingereza na baada ya uhuru. Wageni wanachoka njiani na kuniuliza majengo haya yanahusiana vipi. Nichague zama ipi, mitaa ipi, na niwasimamishe wapi waone vizuri?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya zama, tafuta swali moja ambalo mguu wa mgeni unaweza kulijibu. Kwa katikati ya Dar mimi natumia hili: nani aliruhusiwa kujenga wapi? Wajerumani walihamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na kanuni zao za ujenzi zikaanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba inayoruhusiwa. Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo. Ndiyo maana mpaka leo wazee wanasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ukiwatoa watu baharini hadi Kariakoo umewavusha maeneo yote matatu, na zama zitajitokeza zenyewe njiani.

Vituo vinane vinatosha. Matembezi yangu ya kwanza yalikuwa na vituo kumi na vinne. Saa sita mchana bado tulikuwa Mtaa wa Samora, jua la utosi, na Kariakoo hatukufika.

Anzia Boma la Kale, mwanzo wa Barabara ya Morogoro, saa moja asubuhi. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid, kabla ya Mjerumani yeyote kutawala hapa. Usianze na historia. Waache kwanza wasogelee ukuta wa mawe ya matumbawe, unene wake wauone pale dirishani. Ndani, waambie wakipime chumba kwa hatua: kirefu, lakini chembamba. Sababu iko juu ya vichwa vyao. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Basi ni mti uliopanga upana wa chumba, si fundi. Mgeni akilielewa hilo, kila jengo linalofuata atauliza mwenyewe: hili limebebwa na nini?

Kutoka hapo fuata Sokoine Drive kuelekea Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kisha Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898. Haya mawili yanatazama bandarini, yaani kusini-mashariki kwa makadirio, kwa hiyo uso wao unapata jua la asubuhi. Hilo ndilo jibu la kwanza la "nisimame wapi": kabla ya kuchagua mahali, jua saa. Jua la mapema linapita ubavuni mwa ukuta na kila kingo ya dirisha inatupa kivuli, umbo linasimama. Mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita karibu kabisa juu ya Dar. Saa sita vivuli vinaporomoka wima na nakshi zote zinapotea machoni. Picha za wageni wako zitatoka bapa na wao hawatajua kwa nini.

Jibu la pili ni umbali. Sisi wa fani tuna kanuni ya zamani: ukitaka kuliona jengo lote kwa mtazamo mmoja, simama mbali nalo mara mbili ya urefu wake kwenda juu. Ukisimama kwa umbali sawa na urefu wake, utaona sehemu na nakshi, si jengo. Ukienda mara tatu, unaliona pamoja na majirani zake. Huhitaji kipimo. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, uiweke kwenye usawa wa macho. Ngumi moja ni takriban nyuzi kumi. Kilele cha jengo kikiwa ngumi mbili na nusu hivi juu ya usawa wa macho, au kidogo zaidi, uko mahali pazuri. Zikifika nne na nusu umekaribia mno, rudi nyuma. Pita na ngumi yako siku moja kabla, weka alama ya kila mahali pa kusimama, na hakikisha pana kivuli.

Kanuni hii inakwama Uhindini. Chukua nyumba ya ghorofa moja Mtaa wa India au Jamhuri, duka chini, makazi juu, tuseme mita tisa hadi kileleni. Unahitaji mita kumi na nane, na mtaa haukupi. Ukiwapanga wageni ng'ambo ya barabara wataona mabango ya maduka tu. Wapeleke kwenye kona ya makutano walitazame kwa mshazari. Pale wanaiona roshani, na juu ya paa kile kipande cha ukuta chenye jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujenga. Waachie dakika tano wasome miaka wenyewe, nyumba kwa nyumba, hadi Kisutu kwenye mahekalu. Hapo ndipo mahali pa kueleza mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha na mengi ya mitaa hii yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Mgeni ataelewa kwa nini jina lililo juu si la anayeishi ndani. Jumapili asubuhi ndiyo siku yake, magari ni machache. Ila usielekeze kamera madirishani mwa watu, na ukiwa karibu na Ikulu au bandari, kamera ibaki mfukoni.

Nimeiruka Sanamu ya Askari kwa makusudi, maana nataka uitumie kama fundo. Ni ya mwaka 1927, iko Samora, unaipita kabla ya kuingia Uhindini. Inawakumbuka Waafrika wa Vita ya Kwanza, askari na wapagazi. Waambie walikumbuke hilo neno wapagazi, halafu nyamaza. Vuka nao Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi kutenganisha Uhindini na Uswahilini. Simama katikati wageuke nyuma, hapo mji wote wa maghorofa unaonekana kwa umbali unaotakiwa. Ukifika Kariakoo ndipo useme jina lilikotoka: Carrier Corps, kambi ya wapagazi wale wale.

Malizia sokoni, kwenye jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa, inayokusanya maji ya mvua. Uliza swali la asubuhi: hili limebebwa na nini?

Majengo ya kisasa ya msanifu Anthony Almeida yaweke siku nyingine na uyatembelee kwa gari. Shule ya Chang'ombe na kanisa la Mlimani hayaunganiki kwa miguu, na ukiyalazimisha humu utarudi kwenye vituo kumi na vinne.