Uji wa kwanza, asali na karanga

"Wangu katimiza miezi 6. Uji uwe mzito kiasi gani, na naweza kuweka asali badala ya sukari?"

Uzito wa kukaa kijikoni ukikiinamisha. Ukichuruzika kama maji, anashiba bila kupata nguvu. Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 kwa siku, na maziwa ya mama yaendelee. Sukari haihitajiki. Asali hapana hadi atimize mwaka.

— Mbona ukiitia uji ukichemka wadudu wanakufa?

Wadudu wenyewe ndiyo, mbegu zao hapana. Zikifika kwenye utumbo mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Choo kinakuwa kigumu, kilio hafifu, ananyonya kwa unyonge, shingo inalegea. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

— Mie wangu anakula karanga nzima na ana mwaka na nusu, hajapaliwa.

Bado magego ya kusagia hayajatimia, na punje moja inatosha kuziba njia ya hewa. Nzima ngoja miaka 5. Iliyosagwa laini, kijiko cha chai ndani ya uji, inafaa tangu sasa.

— Wangu ilimtoa vipele mdomoni.

Wewe simamisha, muone daktari kwanza.