Maswali na Majibu: "They" ya mtu mmoja katika tangazo la kazi

Bosi anasema "they" ni wingi tu, na kuitumia kwa mtu mmoja ni fasheni ya juzi. Ni kweli?

Si kweli. Waingereza wanaitumia kwa mtu asiyetajwa jinsia tangu karne ya 14. Kinyume chake, dai kwamba "he" inawabeba na wanawake ndilo lililokuja kupewa nguvu baadaye, hata Bunge la Uingereza likaliweka kwenye sheria ya mwaka 1850 kuhusu namna ya kusoma sheria zake. Mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7 la mwaka 2019, unaikubali "they" ya mtu mmoja waziwazi. Muonyeshe bosi huo.

Mtu ni mmoja, kwa hiyo niandike "they has"?

Hapana, na swali hili linaletwa kila mara. Ni "they have", "they are", "they were", hata kama anayesemwa ni mmoja. Kitenzi hakihesabu watu, kinafuata neno lililo kiima chake. Unapomwandikia mwombaji mmoja "you are" hupati shida yoyote, wala hujawahi kufikiria "you is".

Wengi huteleza pale nomino inaporudi. Nomino ya umoja inabaki na kitenzi cha umoja: "The successful candidate has a diploma. They have worked in a busy store." Sentensi ya kwanza "has", ya pili "have", na zote mbili ni sahihi. Ukiandika "The candidate have" kwa sababu "they" inakuja mbele, umeharibu kilichokuwa kizima.

Tusaidie na tangazo letu: "The driver must have his/her own licence. He/she reports to the transport managers and they must be available at night. Each of the drivers have their own route."

Kasoro kubwa iko katikati. Anayetakiwa kupatikana usiku ni nani, dereva au mameneja? Mlianza na "he/she", mkahamia "they" baada ya kutaja watu wa wingi, na msomaji yeyote makini ataipeleka "they" kwa mameneja. Dereva atakayekataa zamu ya usiku atakuwa na hoja. Hapa msibadili kiwakilishi, kiondoeni: "The driver reports to the transport managers and must be available at night."

Sentensi ya kwanza nayo haihitaji mmiliki, kwani leseni ya mtu mwingine haitumiki: "The driver must hold a valid driving licence." Ya mwisho imeponzwa na "drivers". Kiima chake ni "each", nayo ni umoja: "Each of the drivers has their own route." "Their" ibaki, haina kosa.

Fanyeni hivyo kwa kila tangazo. Kwanza ondoeni viwakilishi visivyo na kazi. Vikibaki, geuzeni nomino iwe wingi, "Drivers must keep their vehicles clean", au mwambieni mwombaji "you" moja kwa moja. "They" ya mtu mmoja itumike pale tu njia hizo zinapoishia. Mkishachagua "you", msirudi kwenye "the candidate" aya inayofuata.

Je, "s/he" inafaa?

Haifai. Jaribu kuisoma kwa sauti mbele ya watu.

"Themself" au "themselves"?

Kamusi zinaitambua "themself", lakini kwenye tangazo rasmi bado wengi wataiona ni kosa. Panga sentensi upya uepuke zote mbili.

Tumeandika "Salesman" ila chini tumeweka "Women are encouraged to apply." Inatosha?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 ilihesabu vyeo kama "waiter", "salesgirl" na "postman" kuwa dalili ya ubaguzi, isipokuwa tangazo lenyewe lionyeshe vinginevyo. Kwa hiyo mstari wa chini uliweza kuwaokoa huko. Lakini cheo ndicho kinachosomwa kwanza, na mwanamke aliyekwishapita hataufikia mstari huo. Andikeni "Sales Representative". "Foreman" iwe "Supervisor".

Na kwa kuwa mmeuliza, nawaonya wanaosafisha viwakilishi kisha wanaacha "smart young lady, aged 20–28" kwa kazi ya mapokezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia na wa umri katika ajira, na waombaji nao wanalindwa. Sharti linakubalika tu pale asili ya kazi yenyewe inapolidai. Kupokea wageni hakudai mwanamke wala miaka 28, na hakuna "they" itakayolisafisha tangazo hilo. Futeni sharti zima.