Nilishindwa na kitabu, sasa rafiki yangu hanisemeshi

"Shangazi, shikamoo. Kwenye chemsha bongo ya vijana hapa Kasese tuliulizwa Rwenzori ni mlima wa aina gani. Nikasema volkano, rafiki yangu akakataa. Tulibishana siku mbili, hadi akaleta kitabu cha jiografia: mlima ulioinuliwa kati ya nyufa za ardhi. Nikasema mbele ya wenzetu kwamba kitabu kinadanganya, maana kwetu Katwe tunachota chumvi ndani ya shimo la volkano. Wiki ya tatu sasa hanisemeshi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kuhusu Katwe hukukosea. Ziwa lile limekaa ndani ya shimo lililofumuliwa na mlipuko wa volkano, na yale maziwa madogo ya mviringo karibu na Fort Portal ni ndugu zake. Tena Elgoni, Muhavura na Kilimanjaro zote ni volkano, kwa hiyo sishangai ulivyofikiri.

Ila volkano hizo za jirani hazikuujenga Rwenzori. Ardhi ya bonde la ufa ilivutwa ikapasuka, huku na huku ikatitia, na bonge kubwa la miamba ya kale likapanda katikati. Limepanda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, na juu kule hakuna shimo la volkano.

Ushahidi umelala karibu nawe, mtoni Nyamwamba, ambao hushusha mawe kutoka mlimani. Okota machache. Mengi utayaona na chembe zinazometa za ulanga, au mistari ya weupe na weusi iliyobanana. Jiwe la lava mara nyingi ni la rangi ya giza, lenye vitundu vilivyoachwa na mapovu ya gesi. Usiende mvua ikiwa imenyesha mlimani. Mafuriko ya mto ule mnayajua wenyewe.

Sasa rafiki yako. Sidhani amenuna kwa sababu ulikosa swali. Alihangaika kutafuta kitabu, akakifungua mbele yenu, nawe ukakiita kiongo. Aliyekileta ndiye aliyebaki na aibu. Naye, naona, alikusomea jibu bila kukueleza Katwe inaingiaje, na hapo ndipo ulipokwama. Hilo mwambie baadaye, si siku ya kwanza.

Nenda kwao mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Mwambie, "Ulikuwa sahihi kuhusu mlima, nami nilikukosea kwa kusema kitabu kinadanganya." Kisha useme hivyo hivyo mbele ya wenzenu waliokusikia. Hilo la pili ni gumu, najua, lakini ukilikwepa atajua umemwomba radhi gizani.

Akikubali, mwende naye mtoni mkaokote mawe. Jumamosi nyingine umpeleke Katwe, usimame naye ukingoni mwa shimo, umweleze wewe.